Ukuta wa fleti, ukumbi na ada ya huduma: maswali yenu kutoka Malindi

Ukuta baina ya bafu la jirani na chumba changu cha kulala umevimba na unapukutisha plasta. Yeye asema ukuta ni wangu kwa kuwa ubovu uko kwangu. Nani atengeneze? (Casuarina)

Hakuna kati yenu anayeumiliki ukuta huo peke yake. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, isipokuwa ramani iliyosajiliwa iseme vinginevyo, sehemu yako ya ukuta ni ile tabaka ya ndani tu: rangi, plasta, vigae au ubao uliobandikwa. Matofali yaliyo katikati ni mali ya pamoja, na anayeyasimamia ni shirika la wamiliki, ambalo huzaliwa pale ramani ya jengo inaposajiliwa na ambalo kila mwenye fleti ni mwanachama wake.

Hata hivyo, mwenye ukuta si lazima awe ndiye mlipaji, kwa hiyo tafuteni kwanza maji yanatoka wapi. Mwombe jirani afunge mifereji yote ya nyumba yake usiku, kisha mtazame mita yake. Ikiwa kisahani kinaendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Ikiwa kimetulia, lakini ukuta hulowa kila baada ya watu kuoga, shuku maungio ya vigae au tundu la kutolea maji. Na ikiwa fleti yenu iko chini kabisa, na unga mweupe unapanda kutoka sakafuni hadi kama kiunoni bila kujali nani ameoga, basi hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu wa ardhini, na bafu la watu halina hatia.

Vigae vikiwa ndivyo vinavyovujisha, ni juu ya jirani kuvitengeneza, nawe una haki ya kumdai gharama ya plasta yako. Bomba lililozikwa ukutani linalohudumia fleti kadhaa ni la shirika. Nalo tatizo la chumvi ya ardhini hupelekwa huko huko. Msimwite fundi achimbe ukuta kabla ya kuliandikia shirika, kwani nimeona fundi akikata nguzo ya zege akidhani anafuata bomba, na gharama ya nguzo ikapita ile ya uvujaji mara nyingi.

Mimi huja Malindi mwezi mmoja kwa mwaka na bwawa la kuogelea silitumii. Kwa nini nidaiwe ada ya huduma ya miezi kumi na miwili? (Barua pepe)

Kwa sababu ada haipimwi kwa matumizi, hupimwa kwa kigawo, yaani namba iliyoandikwa kwenye ramani ikionyesha fungu la kila fleti katika mali ya pamoja. Tuseme bajeti ya mwaka ni shilingi 1,440,000 na kigawo chako ni 75 kati ya 1,000. Fungu lako ni 108,000, au 9,000 kila mwezi. Wenzako wakiidhinisha ukarabati wa paa wa 180,000 nje ya bajeti, utaongezewa 13,500. Mlinzi hulipwa hata ukiwa ng'ambo, na upepo wa bahari haukomi kula vyuma vya roshani nyumba ikifungwa.

Haki uliyo nayo, ambayo wengi huisahau, ni kuuliza hesabu. Ukidaiwa kiasi sawa na jirani mwenye fleti mara mbili ya yako, omba kuonyeshwa kigawo kilichotumika. Ila usizuie malipo ukingoja jibu, kwani shirika laweza kukudai mahakamani kama mdai yeyote. Mgogoro hupelekwa kwanza kwenye kamati ya shirika ya kusuluhisha migogoro.

Nimeweka friji na geti dogo mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa yetu. Jirani hakupinga. (Shela, Malindi)

Jirani mmoja hana uwezo wa kukupa kilicho cha wote. Ondoa geti, au peleka ombi kwenye mkutano wa wamiliki na ruhusa iandikwe. Geti likizuia njia ya kukimbia moto, mimi nisingeitarajia ruhusa hiyo.

Nanunua fleti ya mkono wa pili. Muuzaji aapa hana deni la ada. Nitajuaje? (Maweni)

Kiapo kiacheni msikitini. Liombe shirika cheti kinachoonyesha kiasi cha mchango wa fleti hiyo, namna unavyolipwa, na kilichobaki bila kulipwa, kisha mkataba useme kwamba salio litakatwa kwenye bei. Ukiambiwa hakuna shirika, ila kampuni ya usimamizi tu, uliza kama hati ni ya ukodishaji wa muda mrefu wa zamani ambao haujabadilishwa kuwa umiliki wa sehemu. Ikiwa ndivyo, mambo ya ukuta na ada niliyoyaeleza hapo juu yatatafutwa ndani ya hati ya ukodishaji, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujatoa arubuni.