Kukataa mwaliko wa kutoa mada na kumpendekeza mtu mwingine

SWALI: Nimealikwa kutoa mada ya dakika 30 kuhusu upotevu wa maji kwenye kongamano la wahandisi Arusha, Juni 25 na 26. Aliyenialika ni kaka niliyesoma naye chuo, na barua pepe yake ameinakili kwa mwenyekiti wa kamati. Siwezi kwenda, wiki hiyo tunafunga mwaka wa fedha. Kuna dada mmoja wa mamlaka nyingine ya maji anayeiweza mada hii vizuri tu. Nikatae vipi bila kumuudhi kaka, na huyu dada nimwingize vipi? – Mhandisi, Morogoro

JIBU: Anza na huyo dada. Kamati isilione jina lake kabla yeye mwenyewe hajajua. Wengi hufanya kinyume: wanakataa, wanaandika jina na namba ya simu ya mtu, kisha wanamtumia ujumbe wa "nimekupendekeza mahali". Akikuta naye ana safari au hataki, kamati inakuwa imekataliwa mara mbili, na mara ya pili umesababisha wewe. Namba yake pia si yako ya kugawa bila ridhaa.

Mpigie simu, usimwandikie, maana mambo ya kuulizana ni mengi. Je, Juni 25 ana nafasi? Mada ataishika kama ilivyo, au angependa kuigeuza kidogo? Takwimu za mamlaka yake anaruhusiwa kuzionyesha hadharani? Hili la mwisho husahaulika sana. Mtu anakubali kwa moyo mmoja, halafu wiki moja kabla ya kongamano mwajiri wake anasema asilimia za upotevu zisitoke nje. Mwambie pia yale ambayo mwaliko wako umeyataja kuhusu nauli, malazi na posho, na kama haukuyataja, mwambie hivyo hivyo. Usimjadilie bei, hayo atayamaliza mwenyewe na kamati. Na usimwambie "nafasi ni yako". Mwambie "nataka nikupendekeze, wao ndio wataamua".

Baada ya hapo mpigie kaka yako kabla ya kumwandikia. Yeye ndiye aliyelitaja jina lako mbele ya wenzake, kwa hiyo asisome "sitaweza" kwa wakati mmoja na mwenyekiti wake. Simu ya dakika tano inatosha. Mpe sababu, mpe jina la dada, muulize kama nafasi bado ni ya dakika 30 au imeshabadilika, kisha mwambie kuwa barua rasmi inafuata. Yote haya yaishe ndani ya siku mbili tangu upate mwaliko. Ukikaa na "hapana" wiki mbili, ratiba inachapwa ikiwa na jina lako, na bango pia.

Jambo linaloharibu zaidi hapa kwetu ni adabu yetu wenyewe. "Nitajitahidi", "ngoja niangalie ratiba", "Mungu akipenda" tunayaandika kwa maana ya hapana, na mratibu mwenye nafasi kumi za kujaza anayasoma kama ndiyo. Neno "sitaweza" liwemo kwenye sentensi ya pili, mara moja, bila samahani tatu kulizunguka.

Sababu iwe ya kweli na iwe ya mstari mmoja. Ya kwako ni nzuri kwa sababu haijadiliki: mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na kila mtu kwenye kamati hiyo analijua hilo. Ukiandika "usafiri ni mgumu" utatumiwa tiketi. Ukiandika "siku moja tu ndiyo ninayoweza" utapangiwa siku hiyo. Sababu inayotatulika huwa ni ombi, si kukataa.

Kwa kuwa mwenyekiti naye atasoma, tumia "Ndugu" hata kama kwenye simu mnaitana kaka na dada. Bonyeza jibu kwa wote ili nakala ya mwenyekiti isipotee. Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Yah: Mwaliko wa kutoa mada ya upotevu wa maji, Juni 25

Ndugu Mratibu,

Nashukuru kwa mwaliko wenu wa kutoa mada ya upotevu wa maji siku ya kwanza ya kongamano. Sitaweza kushiriki, kwa kuwa wiki hiyo tunafunga mwaka wa fedha na taarifa za idara ziko chini yangu.

Iwapo nafasi hiyo bado haijapata mtu, naomba kumpendekeza Mhandisi (jina kamili) wa mamlaka ya maji ya (mji). Amesimamia kazi ya kugawa mtandao wa mabomba katika kanda ndogo, kila moja na mita yake, na kupima mtiririko wa usiku ili kujua maji yanapotea wapi. Ana takwimu za kabla na baada ya kazi hiyo. Slaidi alizowasilisha mwaka jana nimeziambatisha kwa ridhaa yake.

Nimezungumza naye: Juni 25 ana nafasi, na ameniruhusu niwape namba yake, (namba). Mkimchagua, tafadhali barua ya mwaliko iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wake, ili apate kibali mapema.

Uamuzi ni wa kamati. Kwa makongamano yajayo, tarehe zikiwa nje ya nusu ya pili ya Juni, nitafurahi kufikiriwa tena."

Angalia aya ya pili. Haisemi "ni mchapakazi" wala "ni mzoefu sana". Inasema amefanya nini, na inawapa kitu cha kujipimia wenyewe kama anaweza kusimama mbele ya watu. Sentensi ya Mkurugenzi Mtendaji imo kwa sababu watumishi wa mamlaka za maji husafiri kikazi kwa kibali. Mwaliko ukiandikwa kwa jina lake binafsi, unarudishwa uandikwe upya, na siku zinakwenda.

Pendekeza mtu mmoja. Majina matatu ni kuiachia kamati kazi ya kuchuja, na wawili kati yao wataachwa wakijua walitajwa. Usiandike "atakuja kwa niaba yangu" pia. Hapo unakuwa umeshachagua badala ya kamati, na unamfanya dada aonekane kivuli chako. Cheo nacho kiangalie: nafasi ya mada kuu ukimpendekezea mtu wa chini yako ofisini, husomwa kama dharau, hata kama mtu huyo anajua kuliko wewe. Kwenye mjadala wa jopo hakuna shida.

Wakishaanza kuandikiana, toka katikati. Mambo ya slaidi na hoteli yasipitie kwako. Kama unataka kumsaidia kaka yako zaidi, ahidi kitu kimoja kidogo utakachokitimiza, kwa mfano kusambaza tangazo la kongamano kwenye kundi la wahandisi mnaofahamiana. Na kamati ikimchukua mtu mwingine kabisa, mwambie dada siku hiyo hiyo uliyojua, ili aifungue Juni 25 yake kwa kazi nyingine.