Matundu "yapishane", "yasilingane" au "yavutane"?

SWALI: "Mwalimu, shikamoo. Najifunza useremala kwenye karakana moja hapa Mafinga. Tunaunga miguu ya meza kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inapunguzwa iwe ulimi na kuzamishwa kwenye tundu la nyingine, halafu tunapigilia kigingi cha mti ambacho kinavuta kiungo mpaka kinabana bila klampu. Mwenzangu ameandika daftarini 'matundu ya kigingi yasilingane', mimi nimeandika 'yapishane', na fundi wetu husema 'yavutane'. Kiswahili sahihi ni kipi?"

Marahaba. Lako ndilo zuri zaidi, ila halijatosha. Ukiishia kwenye "yapishane", aliyesoma anaweza kutii neno lako kikamilifu na bado akaharibu meza.

Nianze na la mwenzako. "Kulingana" kwetu ni kuwa sawa kwa kimo, kwa ukubwa, kwa thamani, hata kwa hoja. Ukimwambia kijana matundu mawili yasilingane, jambo la kwanza linalomjia ni ukubwa: moja atoboe kwa biti ya milimita 10, jingine kwa ya 8. Atakuwa amekuelewa vizuri sana, na kigingi kitakwama kwenye tundu dogo au kitalipasua. Matundu haya hutobolewa kwa biti ileile. Ukubwa wake unalingana. Kinachotofautiana ni mahali yalipokaa.

"Yavutane" ni neno la mtu anayeona matokeo, na simlaumu fundi wako, maana yeye huyaona kila siku. Lakini matundu hayana nguvu ya kuvuta. Kinachovuta ni kigingi, pale ncha yake iliyochongoka inapolazimika kupita kwenye matundu mawili ambayo hayakukaa mstari mmoja. Na kuvutana, kwa masikio ya wengi, ni ugomvi wa mipaka ya shamba.

"Kupishana" ndilo linalosema mahali. Limetoka kwenye "pita": pita, pisha, pishana. Malori mawili yakikutana kwenye kona za Kitonga, moja likipanda na jingine likishuka, yanapishana: yako ubavu kwa ubavu, hayako mstari mmoja. Ndivyo yalivyo matundu yetu. Chungulia kwenye tundu la kigingi la mguuni ulimi ukiwa ndani, utaliona tundu la ulimi limekaa pembeni kidogo, kama mwezi uliomegwa.

Sasa upungufu wake. Kiambishi "-an-" kinawagawia wahusika tendo sawasawa. Wawili wakipishana, huwezi kujua kwa neno hilo peke yake nani amekwenda upande gani. Kwenye malori hilo halina shida. Kwenye kiungo, upande ndiyo kazi yenyewe.

Julai mwaka mmoja nilikwenda kuchukua benchi kwenye karakana pembezoni mwa Iringa mjini. Lilikuwa na miguu ya mkaratusi, milimita 70 kwa 70, na mbao za kulala za msindano. Ulimi ulikuwa na unene wa milimita 20 na urefu wa 50. Kijana alikuwa ameshatoboa tundu la kigingi kwenye mguu, kitovu chake milimita 18 kutoka usoni pa mguu, yaani pale bega la ulimi, ile ngazi ambapo mbao nene inaishia na ulimi unaanza, linapogota. Akaingiza ulimi, akausukuma mpaka bega likagusa, akapitisha biti kwenye tundu lile na kuizungusha kwa mkono tu, ncha ikaacha alama kwenye ulimi. Akachomoa. Hadi hapo hakukosea kitu.

Fundi, akiwa anaranda upande wa pili, akamwambia, "Sogeza mbele kidogo, kama milimita mbili." Kwa fundi, aliyezoea kuikumbatia mbao huku ncha ya ulimi ikimwelekea kifuani, mbele ni kule bega liliko. Kwa kijana, mbele ya ulimi ni nchani, kama ilivyo kwa ulimi wa mtu. Akasogeza milimita mbili kuelekea nchani, akatoboa, akarudisha ulimi, akaanza kupigilia. Kwa kila pigo la nyundo bega likawa linajitenga na mguu. Alipoacha, ukucha wangu uliingia kwenye ufa. Matundu yalikuwa yamepishana bila kosa lolote la lugha, ila kigingi kilikuwa kinausukuma ulimi nje badala ya kuuvuta ndani.

Fikiri hivi: kigingi kinashikwa na tundu la mguuni, ambalo haliendi popote. Ulimi ndio unaoweza kusogea, na tundu lake litalazimishwa kulifuata lile la mguuni. Kwa hiyo, ukitaka ulimi uingie zaidi, tundu lake lazima liwe limebaki nyuma, upande wa bega. Likibaki upande wa ncha, ulimi utatoka.

Kwa hiyo daftarini andika sentensi yenye mambo matatu, yaani tundu lipi linasogea, linaelekea wapi, na kwa kiasi gani: "Tundu la kigingi kwenye ulimi lisogezwe kuelekea begani kwa milimita 2." Futa "mbele" na "nyuma" kabisa, maana maneno hayo hutegemea msemaji amesimama wapi. "Begani" halitegemei mtu. Na hili ni jambo ninalolipenda kwa mafundi: wameipa mbao mwili mzima, mguu, ulimi, bega, uso, na wengine huita kuta mbili za tundu "mashavu". Viungo hivyo havihami hata ukiigeuza mbao.

Kiasi nacho kina sababu. Milimita 2 za benchi lile zilitokana na ulimi kuwa wa msindano, mti laini unaobonyea kidogo kabla haujaanza kuvutika. Ulimi ukiwa wa mninga au mti mwingine mgumu, milimita 1 hadi 1 na nusu inatosha. Ukipunguza mno, kigingi kitapita kama kinapita kwenye tundu lililonyooka, na bega halitakaza. Ukizidisha, ama kigingi kitavunjika humo ndani, ama kipande cha ulimi kilichobaki kati ya tundu na ncha kitamegeka kufuata nyuzi za mti. Kwenye ulimi wetu wa milimita 50, ukitoa 16 za kutoka begani hadi kitovu cha tundu lililosogezwa na 5 za nusu ya tundu, zinabaki 29 za mti mzima. Zikikaribia 10, usitegemee kiungo hicho.

Utajua kwa sikio na kwa jicho. Mapigo ya mwanzo yana mlio mwepesi, kisha nyundo inaanza kutoa mlio mzito na mfupi, na papo hapo mstari kati ya bega na mguu unafumba mpaka karatasi haipiti. Mlio ukiwa mzito halafu ghafla ukarudi kuwa mwepesi huku bega halijafumba, simama. Kuna kitu kimevunjika.

Kuna neno jingine ambalo hukuliuliza, lakini kwa Mafinga lazima niliseme, kwa sababu mashine za mbao zimewazunguka. Kigingi hakichanwi, kinachanjwa. Kuchana mbao ni kazi ya msumeno, nao hukata popote ulipoelekezwa bila kujali nyuzi za mti zinakwenda wapi. Kigingi cha namna hiyo kikipindishwa na matundu yaliyopishana kinakatika pale nyuzi zinapotokea ubavuni. Kuchanja ni kule kwa kuni: unaweka panga juu ya kipande kikavu, unaligonga, mti unaachana kwa kufuata nyuzi zake mwenyewe. Nisingetumia "kupasua" hapa, maana watu husema pia "kupasua mbao" wakimaanisha msumeno, na kijana ataelekea kwenye mashine. Kile kijiti kilichochanjwa kichonge kiwe mviringo wa milimita 10, kisha milimita 30 za mwisho zichongoke kama penseli. Kwa mguu wa 70 kiwe na urefu wa 110 au zaidi, ili sehemu yote iliyochongoka itokeze upande wa pili na ndani ibaki ile nene tupu. Hapo ndipo unapokata pande zote mbili.

Kikauke kuliko mguu. Mguu ukiendelea kukauka utasinyaa na kukikumbatia. Kigingi kibichi ndicho kitakachosinyaa na kulegea.

Na jina la kigingi chenyewe? Kamusini "kigingi" ni kijiti kinachochomekwa ardhini kufungia mbuzi au kamba za hema, lakini mafundi wamekihamishia kwenye mbao na hakuna aliyeumia. Unaposhawishika kukiita "kigingi cha kuvutia", kwa maana ya chombo cha kufanyia kazi ya kuvuta, kama tunavyosema "kisu cha kukatia", jizuie. Sarufi inakuruhusu, ila msomaji ataona kigingi kizuri kinachopendeza macho. Sema "kigingi cha kuvuta".

Benchi lile, kama unataka kujua, sikulichukua siku hiyo. Fundi alikigonga kigingi kutoka nyuma kikatoka, akaziba tundu la ulimi kwa kijiti cha msindano chenye gundi, na kwa baridi ile ya Julai, ambayo gundi nyeupe haiipendi hata kidogo, akakataa kuligusa mpaka kesho yake mchana. Alipotoboa upya hakusema tena "mbele". Alichora msalaba kwa penseli upande wa bega, akamkabidhi kijana keekee.