Gari ya zamani ikihamia sinthetiki itavuja? Tuangalie 5A ya Corolla 110

“Wakuu, nina Corolla 110, injini ya 5A, imeshatembea 240,000 na miaka yote inanyweshwa 20W-50 ya kawaida. Nataka kuhamia sinthetiki, fundi hapa Mwanjelwa anasema nikithubutu itavuja kila kona. Kuna ukweli au ni maneno ya gereji?”

Mkuu, fundi wako hajatunga. Anachokosea ni kumtaja mhalifu. Sinthetiki ya leo haitoboi sili nzima. Inachofanya ni kuianika sili ambayo ilishakufa na ilikuwa inasitiriwa na uzito wa oili na uchafu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni moja tu: sili na gasketi za injini yako ziko hai?

Maneno haya yana asili yake. Baadhi ya sinthetiki za kwanza zilizoingia madukani kwa magari ya kawaida, miaka ya 1970, zilitengenezwa kwa oili ya msingi inayoitwa PAO. Oili ya kawaida ya mafuta ghafi ina tabia ya kupenya kidogo kwenye mpira wa sili na kuuvimbisha, na uvimbe huo mdogo ndio unaoubana mpira kwenye shafti. PAO ikiwa peke yake haivimbishi, inaelekea kuusinyaza. Mpira uliozoea kuvimba ukaanza kunywea, magari yakavuja, na habari ikasambaa duniani mpaka ikafika kwetu. Watengenezaji walirekebisha kwa kuchanganya esta na viungo vinavyouvimbisha mpira kwa kipimo, na leo vipimo vya ubora kama vya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, vinaijaribu oili pamoja na mpira wa sili kabla haijakubaliwa. Isitoshe, makopo mengi yaliyoandikwa sinthetiki siku hizi ni oili ya mafuta ghafi iliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana, si PAO tupu. Hofu ya mwaka 1975 haina nafasi kwenye kopo la leo.

Mbona basi watu wanabadilisha na kweli inavuja? Mara nyingi hawakubadilisha aina tu, walibadilisha na uzito. Mtu anatoka 20W-50 anaingia 5W-30 kwa siku moja. Injini ikishapata moto, namba ya pili ndiyo inayohesabika. Kwa nyuzi 100, oili ya 50 inapimwa kati ya sentistoki 16.3 na 21.9, na ya 30 iko kati ya 9.3 na 12.5. Maana yake ile ya 30 ikiwa moto ina uzito wa zaidi kidogo tu ya nusu ya ile uliyoizoea. Ufa ambao 20W-50 ilikuwa inajikongoja kupita, 5W-30 inapita bila hodi. Ungeweka 5W-30 isiyo sinthetiki kabisa, matokeo yangekuwa yaleyale, ila hakuna ambaye angeilaumu namba.

Na baridi ya Mbeya isikutishe ukakimbilia 0W. Hiyo namba yenye W inapimwa kwenye baridi ya chini ya sifuri kwa mbali, 20W yenyewe inajaribiwa kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Asubuhi ya Julai hapa, hata ukipanda Makete, hatufiki huko. Oili nyepesi itafika juu kwenye kemu haraka zaidi asubuhi, hiyo ni faida ya kweli, lakini 10W-40 inakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bila kulegea sana ikipata moto.

Sababu ya pili ni tope. Gari iliyokawizwa kumwagwa oili inajaza tope jeusi kando ya tapeti kava, na tope hilo linaziba pembezoni mwa gasketi iliyokauka. Oili bora ina sabuni kali zaidi, inaliyeyusha polepole. Ndiyo maana uvujaji hauji siku ya kwanza, unakuja baada ya wiki kadhaa, na mwenye gari anasema “tangu niweke ile oili”. Ila tope si gasketi, mkuu. Likibanduka kwa mapande linaweza kushuka hadi kwenye chujio la pampu ndani ya sampu, taa ya oili ikawaka, na hapo kuna hatari kuliko tone la chini. Kwa hiyo usikubali kusafishiwa injini kwa dizeli au mafuta ya taa “ili ipokee sinthetiki”. Hiyo ndiyo njia ya kulibandua tope lote kwa mkupuo.

Sababu ya tatu inachekesha lakini ni ya kila siku. 5A inachukua takribani lita 3 pamoja na filta. Galoni ni la lita 4. Fundi anamimina lote kwa sababu umelilipia. Oili inapita alama ya juu, krenki inaipiga, inatoa povu, na nyingine inatafuta pa kutokea. Mimina lita 2.7, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki, ongeza kidogo kidogo. Kinachobaki ni cha kuongezea baadaye.

Sasa tuje kwenye 5A yako, maana ina mtego wake. Malalamiko ya kawaida ni oili kudondoka pale injini inapoungana na giabox. Wengi wanahukumu hapo hapo: sili ya nyuma ya krenki. Giabox inashushwa, unalipa ufundi wa siku nzima, sili mpya inawekwa, na baada ya wiki tone liko palepale. Kwenye injini hii distribyuta imekaa mwisho wa silinda hedi, upande wa giabox, juu kabisa. Ina o-ringi moja ya mpira. Ikikauka, oili inateremka taratibu kwenye ukuta wa hedi, inafika juu ya giabox na kudondokea mahali palepale ambapo sili ya nyuma ingedondoshea. Kona ya tapeti kava ya upande huo nayo inafanya vilevile.

Namna ya kuwatofautisha haihitaji mashine. Osha injini kwa sabuni ya kuondoa grisi, ukiwa umefunika distribyuta na alteneta kwa mfuko wa plastiki. Ikishakauka, paka poda ya mtoto chini ya distribyuta, kwenye ukingo wa tapeti kava na pale inapoungana na giabox. Endesha mpaka injini ishike moto vizuri, mathalani Mwanjelwa hadi Uyole na kurudi, halafu angalia kuanzia juu kushuka chini. Oili inashuka na upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo palipolowa juu zaidi ndipo chanzo. Ukikuta poda ya juu imelowa, acha giabox ipumzike.

O-ringi ya distribyuta ni kazi ndogo. Kabla ya kulegeza bolti, chora mstari unaoanzia kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye hedi ili uirudishe ilipokuwa, kisha taimingi ikaguliwe kwa taa: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, TE1 na E1, zile pini mbili za soketi ya kupimia, zikiwa zimeunganishwa. Tapeti kava nayo, bonyeza gasketi yake kwa ukucha. Iliyo hai inaingia na kurudi. Iliyokufa ni ngumu kama plastiki na inakatika ukiikunja. Badilisha pamoja na zile ringi nne za mashimo ya plagi, maana zinakauka pamoja na oili ikiingia kwenye plagi gari inaanza kukosa moto. Silikoni ni tone tu kwenye kona za kepu za kemu, basi. Anayeipaka gasketi nzima anatengeneza vipande vya kwenda kuziba chujio la sampu. Nati zile tatu za juu zinataka kukazwa kwa nyutoni-mita 6 tu, nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Ukizikaza kwa hasira kava inapinda na uvujaji unazidi.

Kabla ya sili yoyote, ichomoe valvu ya PCV, ile inayopumulisha injini, iliyo kwenye tapeti kava. Itikise, lazima igonge. Injini ikiwa sailensa, weka kidole, lazima ivute. Ikiziba, pressha inajaa ndani na kusukuma oili nje kwenye kila sili dhaifu, na hakuna oili ya bei yoyote itakayokusaidia. Kama inavuta sawasawa lakini ukifungua kifuniko cha oili moshi unapuliza kwa kishindo, tatizo ni ringi za pistoni. Hapo baki na 20W-50 yako, sinthetiki itakuwa hela ya kuchoma.

Kuna jambo watu hulichanganya na kuvuja: oili kupungua bila tone chini. Shusha gari mteremko wa Isyonje kwenda Kiwira ukiwa umeachia mafuta, injini ikishika breki. Mvuto ndani ya injini unakuwa mkubwa na unanyonya oili kupitia sili za valvu zilizokauka. Ukikanyaga tena mafuta, moshi wa bluu unatoka nyuma kwa muda. Ukiuona, ujue oili nyepesi itaungua zaidi.

Vipimo vikiwa vizuri, hama hivi. Weka 10W-40 sinthetiki au nusu sinthetiki na filta mpya. Huna haja ya kuikamua oili ya zamani mpaka tone la mwisho, zinachanganyika, na ukitaka kurudi kwenye ya kawaida baadaye unarudi tu. Mzigo wa kwanza umwage kwenye kilomita 2,500 pamoja na filta hata kama kopo linaahidi 10,000, maana huo ndio unaobeba tope. Dipstiki itazame kila kilomita 500 katika kipindi hicho. Baada ya hapo nenda 5,000 hadi 7,000. Unyevu mwembamba usiodondoka kwenye ukingo wa tapeti kava unaweza kuishi nao.

Usichoweza kuishi nacho ni sili ya mbele ya krenki, nyuma ya puli, kwa sababu oili yake inalowesha taiming belti, na belti iliyolowa inavimba na kuachia meno. Ukiona oili inatoka chini ya kava la belti, fungua wiki hiyohiyo, badilisha sili ya krenki, ya kemu na belti yenyewe kwa pamoja hata kama belti haijafika kilomita 100,000. Ufundi wa kufungua ni uleule mmoja.