Maswali na Majibu: Udongo wa matuta, kina kwanza

Udongo mita ngapi unatosha tuta la mboga?

Swali hili linanifikia kila wiki na halina jibu. Lete urefu, upana na kina.

Tuta langu ni mita 4 kwa 1, kina sentimita 30. Nimezidisha nikapata mita za ujazo 120. Ni sawa?

Si sawa. Umezidisha mita kwa sentimita. Sentimita 30 ni mita 0.3, kwa hiyo 4 × 1 × 0.3 ni mita za ujazo 1.2. Wanaopima kwa futi wakumbuke kwamba futi moja ni kama mita 0.3.

Nina matuta matatu yenye kingo za mbao, yote mita 3 kwa 1.2. Moja lina kina cha sentimita 20, la pili 30, la tatu 60. Niagize udongo kiasi gani?

Huyu ameuliza vizuri. Kila tuta lina eneo la mita za mraba 3.6. Usijaze mpaka ukingoni. Acha sentimita 5 kwa ajili ya matandazo na ili maji yasimwagike nje. Vina vinavyobaki ni sentimita 15, 25 na 55, jumla 95. Zidisha 3.6 kwa 0.95 upate mita za ujazo 3.42. Udongo uliokorogwa na samadi au mboji hushuka ukishamwagiliwa mara kadhaa, kwa hiyo ongeza asilimia 20: agiza mita 4.1 hivi.

Lakini lile la sentimita 60 lisikumalize fedha. Chini yake weka sentimita 25 za matawi, mabua ya mahindi na majani makavu, uyakanyage yashikane, na kila tabaka ulinyunyizie samadi, kwa sababu mabua yanapooza hunyonya naitrojeni ambayo mboga zinaihitaji. Juu yake zitabaki sentimita 30 za udongo, na mboga nyingi zinatosheka hapo. Sasa jumla ya vina ni sentimita 70, udongo ni mita 2.52, na ukiongeza asilimia 20 unafika mita 3. Umeokoa zaidi ya mita nzima. Jua tu kwamba tuta hilo litashuka sana mwaka wa kwanza na utahitaji kulijaza tena.

Lile la sentimita 20 nalo, kabla hujalijaza, tifua ardhi iliyo chini yake kwa uma au jembe. Mizizi itapita na kuendelea chini. Wengi wananunua kina ambacho tayari wanacho chini ya miguu yao.

Nimejenga kingo kwa tofali za inchi 6. Nipime nje au ndani?

Ndani, siku zote. Tuta la mita 3 kwa 1.2 kwa nje, likiwa na kuta za sentimita 15, ndani linabaki mita 2.7 kwa 0.9. Eneo limeshuka kutoka mita za mraba 3.6 hadi 2.43. Ukipima nje utalipia theluthi moja ya udongo usio na pa kuuweka.

Muuzaji alisema tripu moja ya Kanta ni mita za ujazo 3. Imemwagwa, na tuta langu la mita za ujazo 2.5 halijajaa. Nimeibiwa?

Tripu si kipimo, nimeandika hivyo mara nyingi. Lori hupimwa kabla halijamwaga. Panda na futikamba, sawazisha kichuguu kwa koleo, kisha pima urefu na upana wa bodi kwa ndani, na kimo ambacho udongo umefika. Bodi ya mita 3 kwa 1.7 iliyojazwa sentimita 40 ina mita 2.04 tu. Ukishamwagiwa, kilichobaki ni kuhesabu ndoo: mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, zikiwa zimejaa bila kushindiliwa.

Usikubali pia kuuziwa kwa tani. Udongo uliolowa mvua ni mzito, kwa hiyo tani ileile inakuletea udongo mchache. Na usinunue kwa weusi wake. Lowesha konzi moja, uikande na kuiviringisha. Ikitoka kamba ndefu inayong'aa na isiyokatika, huo ni mfinyanzi, utapasuka kiangazi na kutuamisha maji masika.

Matandazo nayo nihesabu kwa kina kile kile cha tuta?

Hapana. Unataka sentimita 5 baada ya kutulia. Nyasi kavu hushuka karibu nusu, kwa hiyo kwa eneo la mita za mraba 3.6 tandaza sentimita 10, yaani mita za ujazo 0.36, ndoo 18 hivi. Acha nafasi kuzunguka shina, lisioze. Maranda ya mbao yakae juu tu. Ukiyachanganya na udongo, mchicha utageuka njano.