Kifundo cha Mkono Kinachouma kwa Kubeba Mtoto: Maswali na Majibu

"Mtoto wangu ana miezi mitatu. Nikimnyanyua kitandani, mkono unachoma upande wa kidole gumba hadi karibu na kiwiko. Sijaanguka. Je, ni baridi yabisi?" – Mama, Kondele, Kisumu

Kwa maelezo yako, mama, ninashuku ala ya kano zaidi ya kiungo chenyewe. Kano mbili zinazokitanua na kukiinua kidole gumba hupita pamoja katika njia nyembamba juu ya mfupa unaojitokeza kifundoni, upande wa gumba. Zimevikwa ala kama kisu kilivyovikwa yake, na juu yake umepita ukanda mgumu usiotanuka. Kano zikivutwa na kusuguliwa mara nyingi, ukanda na ala hunenepa, njia hubana, na kila mwendo wa gumba huleta maumivu. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na huenda ukaliona jina lake kwenye kadi yako ya kliniki. Huwapata sana akina mama katika wiki na miezi ya kwanza baada ya kujifungua.

Jipime mara moja tu, kwa upole: weka gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vingine, kisha uinamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho. Hata mkono mzima huvuta kidogo, kwa hiyo linganisha mikono yote miwili. Maumivu makali juu ya mfupa ule, katika mkono mmoja, yanaunga mkono shaka yangu. Ungekuwa umeangukia kiganja, ningekutuma kwanza upigwe picha ya eksirei.

"Mimi ndiye ninayeshinda na mjukuu, binti yangu akienda kazini. Nimbebeje ili mkono upate nafuu?" – Nyanya, Bahati, Nakuru

Nitakueleza habari za mama mmoja niliyemhudumia, kwa kuwa hali yake inafanana na yako. Mkono uliomuuma ulikuwa wa kushoto, ilhali yeye hutumia wa kulia kwa kila kazi, na jambo hilo lilimshangaza. Nilipomwomba anionyeshe anavyombeba mtoto, sababu ilionekana: alimpakata kushoto ili mkono wa kulia ukoroge uji, na kiganja cha kushoto kilikuwa kimejikunja chini ya makalio ya mtoto, gumba likiwa limetanuka kama ndoano. Kumnyanyua nako alikufanya kwa kumshika kwapani, magumba yakiwa wazi na vifundo vikiinama. Mtoto wa kilo 6 akinyanyuliwa hivyo mara 30 kwa siku, mikono miwili huwa imenyanyua jumla ya kilo 180 kabla ya jioni.

Tulibadilisha mambo machache tu. Alianza kumnyanyua kwa kupitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega, viganja vikitazama juu, gumba likilala sambamba na vidole vingine, na kumvuta kifuani kabla ya kusimama, ili uzito uchukuliwe na vigasha na miguu. Wakati wa kunyonyesha, mto uliwekwa mapajani, na kichwa cha mtoto kikalala juu ya kigasha badala ya kushikiliwa kwa kiganja kilichokunjwa. Kazi ndefu za jikoni alizifanya mtoto akiwa mgongoni kwa leso, na kukamua nepi kukawa kazi ya mtu mwingine. Pia alivaa banzi lililoshikilia kifundo pamoja na gumba. Bendeji ya kifundo peke yake huliacha gumba huru, na ndiyo maana wengi huivaa bila kuona tofauti. Maumivu yalianza kupungua katika wiki ya tatu.

Ninakusihi pia usikubali kukandwa kwa nguvu mahali penyewe, hata kwa mafuta mazuri, kwa sababu ala iliyovimba huzidi kuchubuliwa.

"Nimevaa banzi wiki sita bila nafuu, na daktari amependekeza sindano ya steroidi. Ninanyonyesha." – Mama, Kakamega

Kiasi kinachoingia katika maziwa ni kidogo sana, na kwa kawaida hakizuii kunyonyesha, ingawa maziwa yanaweza kupungua kwa muda mfupi. Dawa huingizwa ndani ya ala, si ndani ya kano, na wengi hupata nafuu kwa sindano moja au mbili. Mwulize daktari mapema kuhusu ngozi: mahali palipochomwa panaweza kupauka kwa miezi kadhaa, na kwa ngozi nyeusi huonekana wazi. Mweleze pia kama una kisukari. Upasuaji wa kuufungua ukanda hubaki kwa wachache ambao sindano haikuwafaa.

"Mke wangu huamka usiku gumba na vidole viwili vinavyofuata vikiwa na ganzi. Ni ugonjwa huo huo?" – Baba, Ahero

La. Ganzi ya vidole hivyo huelekeza kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa katikati ya kifundo, upande wa kiganja, na unahitaji kupimwa kivyake. Kifundo kikiwa chekundu, cha moto na chenye homa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.