Kutokulewa si kipimo cha ini

"Daktari, nina miaka 41. Kila usiku nakunywa bia sita za nusu lita na silewi. Naendesha gari hadi nyumbani, na saa moja asubuhi niko kazini. Wenzangu huyumba kwa bia tatu. Je, ini langu lina nguvu kuliko yao? Kila mwezi natumia pia dawa ya kusafisha ini."

Kinachokuzuia kuyumba ni ubongo wako zaidi kuliko ini. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo unaopunguzwa kasi kila usiku hujirekebisha kwa kujisisimua zaidi, mpaka kiasi kile kile kisikuleweshe kama zamani. Kiasi chenyewe hakijapungua: bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, kwa hiyo sita ni gramu 120, ilhali mwili wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Ini la mnywaji wa kila siku huongeza kasi kidogo, jambo ambalo watu hulisifia, kumbe kimeng'enya kinacholiharakisha huzalisha pia kemikali zinazoumiza seli zake, na huifanya parasetamoli ya asubuhi kuwa hatari zaidi.

Ini lenyewe halilalamiki, kwa kuwa ndani yake hakuna neva za maumivu. Niliwahi kumpokea fundi wa miaka 46 aliyekuja kwa sababu ya damu ya pua isiyokatika. Kipimo cha damu cha ALT, kimeng'enya cha ini, kilikuwa cha kawaida, naye akaishika karatasi ya majibu kama cheti cha ushindi. Lakini chembe sahani zinazogandisha damu zilikuwa chache, viganja vilikuwa vyekundu, na ultrasaundi ilionyesha ini lililosinyaa lenye makovu. Mkewe alifurahi kwamba siku hizo mumewe alilewa kwa chupa moja tu, akidhani amepunguza. Hakuwa amepunguza kwa hiari: ini lilikuwa limeshindwa kuichakata pombe.

Kuhusu hizo dawa za kusafisha ini, subira yangu imekwisha. Ini halina uchafu wa kuoshwa, hakuna chupa inayofuta kovu, na baadhi ya mitishamba yenyewe huliumiza. Supu, maziwa na maji ya limau navyo havipunguzi hata gramu moja. Muuzaji hupata soko kwa watu wasiolewa, kwa kuwa hao hawana kinachowaambia kwamba wamepita kiasi, ilhali sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji haiizoei pombe kwa kadiri ile ile miguu inavyoizoea.

Wewe usiache ghafla ukiwa peke yako, kwa maana ubongo uliozoea breki, breki ikiondolewa, unaweza kukutia degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Nenda hospitali, utaje bia sita bila kuzipunguza, uombe chembe sahani na ultrasaundi pamoja na vimeng'enya, na ukihitaji dripu ya glukosi, wakumbushe kukupa kwanza vitamini B1.