Barua kwa mwanangu: ukishakula kwa watu Muscat

"Mama, Ijumaa bosi kanialika chakula cha mchana nyumbani kwao. Ni Mwarabu wa Nizwa, Kiswahili hajui kabisa. Nikishakula niseme nini kwa Kiarabu, shukran inatosha? Na chakula nakisifu vipi nisionekane mroho?"

Mwanangu,

Haitoshi. Yaani si kosa, hakuna atakayekununia, lakini shukran ni ya dukani, ukirudishiwa chenji unasema shukran unaenda zako. Chakula cha nyumbani kinalipwa kwa dua. Si nilikuwa nakwambia hivyo hivyo ulipokuwa unatoka kwa shangazi yako Makorora unafuta mdomo kwa mkono unakimbilia mpira? Basi Waarabu wa huko ndo kabisa, mtu akila kwao anamwombea mwenye nyumba, na mwenye nyumba anamjibu kwa dua nyingine, hapo ndo wanahesabu umeshukuru.

Shika mbili tu, usijaze kichwa. "Kathar Allah kherak", Mungu aizidishe kheri yako, na "an'am Allah alek", Mungu akuneemeshe. Hiyo ya kwake peke yake, wakiwa wengi, na watakuwa wengi manake ndugu zake watakuja, unasema "kathar Allah kherkum" na "an'am Allah alekum". Unasema pale unaponyanyuka kwenye sinia, siyo katikati ya kula na siyo kesho yake kwa whatsapp. Kabla ya hapo ukishiba unasema "alhamdulillah" unarudisha mkono. Atakwambia kula, hujala kitu, atakusogezea nyama nyingine mbele yako, onja tonge moja kwa heshima kisha rudia alhamdulillah hiyo hiyo. Ukishamaliza kweli nyanyuka ukanawe, usibaki hapo unazungumza, kwa sababu mwenyeji mwenye adabu hanyanyuki mpaka wageni wanyanyuke, kwa hiyo ukikaa unamkalisha na yeye.

Halafu kuna jambo litakushtua usipojua. Atakuomba radhi. Umekula kabuli ya mbuzi mpaka mkanda umebana, anakwambia "samhuna ala t-taksir", tusamehe kwa upungufu. Usicheke, na usinyamaze, ukinyamaza ni sawa na kukubali kwamba kweli palipungua. Unamjibu "ma kassartu", hamkupunguza kitu, na unamalizia na ile kathar Allah kherkum.

Na nakujua wewe umeshaokota maneno kwa wale Walebanoni wa kazini kwako. "Sahtein" iache huko huko. Hiyo anasema mwenye chakula kumwambia anayekula, na huko Omani watasema "bil-afya" au "awafi", zote ni za upande wa mwenyeji. Mgeni akila kwa watu halafu anamwambia mwenye nyumba bil-afya, amegeuza kibao, yeye ndo kawa mlishaji. Wewe ukiambiwa bil-afya unajibu "Allah yi'afik", basi.

Kusifu sasa. Chagua kitu kimoja. Ukisema kila kitu kitamu wanajua unasema tu, tena watakujazia kila kitu. Ukiona wali umetoka punje punje au nyama imeachia mfupa, sema hiyo, "masha Allah, il-lahm ladhidh", nyama tamu, inatosha. Usisifu sinia lao wala buli la kahawa, mtu wa bara ya Omani, kama huko Nizwa, anaweza kukufungia ubebe na wewe utabaki na aibu. Na kama hukupenda kitu, kiache kimya. Mtume rehma na amani zimfikie hakuwahi kukitia kasoro chakula, akikitamani alikula, asipokitaka alikiacha. Marehemu baba yako alikuwa akipenda kuhadithia ile nyingine, kwamba siku moja Mtume aliomba kitoweo akaambiwa hamna ila siki, akaiitisha hiyo siki akala nayo huku anaisifu, kitoweo kizuri kilioje siki. Baba yako alikuwa anaisema hasa siku ambazo nimepika mchicha mtupu, kwa hiyo sijui alikuwa ananisifu au ananichokoza.

Lakini mwanangu umeniuliza useme nini, hukuniuliza umwambie nani. Na mimi hapo ndo pananiuma.

Maana huyo bosi hajapika. Wewe utakaa majlisi na wanaume, sinia litaingia, litatoka, aliyepika humwoni na hutakiwi kumwona. Usimuulize mkewe hajambo, wala jina lake, wala usiseme mkeo anapika vizuri, kwa watu wa Nizwa hiyo ni kuingiza mguu chumbani. Na si ajabu mkewe naye hajapika, kapika binti wa Singida au wa Jinja au wa wapi huko, aliyeamka alfajiri. Kama nilivyokuwa mimi nikitumikia watu huko huko Omani, wakati wewe uko Pangani kwa bibi yako unasomeshwa na hela hizo hizo.

Nikuhadithie harisi ya Idi, najua dada yako anaijua ila wewe ulikuwa mdogo. Nyumba ile nisiitaje. Majirani walikuwa wanapika arsia asubuhi ya Idi, nyumba yetu walitaka harisi, ambayo ni boko boko letu hili hili, wao hawaweki mbwembwe. Ngano inalowekwa jioni, usiku inawekwa jikoni na nyama ya mbuzi yenye mifupa, chumvi, mdalasini, moto mdogo kabisa. Hapo hulali. Ukisinzia ikashika chini hata kidogo, harufu ya kuungua inapanda sufuria zima na huwezi kuitoa, unamwaga. Karibu na alfajiri unatoa mifupa, mmoja mmoja, kwa vidole, kisha unaanza kuipiga na mwiko, unapiga, unapiga, mpaka punje ya ngano isionekane na nyama isionekane, ukiinua mwiko inavutika nyuzi. Ikikatika bado. Ikitengana maji juu ngano chini umeikosa. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, samli nikamwaga juu nikaona hii leo imekaa.

Wageni wakaja baada ya swala. Mimi niko jikoni, mlango na pazia, nasikia kila kitu. Wakinyanyuka kila mmoja anasema zake, kathar Allah kherak, an'am Allah alek, na mwenye nyumba anapokea anapokea. Kwani yeye alishika mwiko? Haya, hela ni yake, tuseme. Ndo mzee mmoja wa bara huko, sauti nzito, akasimama pale kwenye korido akapaza makusudi ifike ndani, "tislam eed illi tabakhat il-haris!" Usalimike mkono uliopika harisi. Mwanangu, nilisimama na sufuria mkononi. Na kabla sijafungua mdomo bibi wa nyumba, ambaye alikuwa amekaa sebule ya wanawake na hina yake haijakauka vizuri, akajibu kwa sauti tamu, "Allah yisallimak, bil-afya."

Nilikasirika, siwezi kukudanganya. Hata chumvi hakuonja. Ila tena nikijiuliza, angefanyaje? Mgeni kashatoa salamu, lazima ijibiwe, na nyumba ni yake, na ni yeye aliyenifundisha ile harisi mwanzo, mimi nilikuja na boko boko langu la kitanga wakasema jepesi. Angeweza lakini kusema ni yule binti. Neno moja tu. Lakini na yule mzee naye hakutaja mtu, kasema mkono uliopika, na mkono uliopika Mungu anaujua. Dua ilienda ilikoenda. Hivyo ndo najiambia, halafu nikiosha vyombo naanza upya.

Na sikumalizii, maana bado kidogo. Yule mtoto wao mdogo wa kiume, aliyekuwa ananifuata kila mahali, alikuja mbio jikoni, kashikilia halua mkono mzima, akaniambia "jiddi yikul tislam eedish." Babu anasema usalimike mkono wako. Eedish, wanawake wa Omani ndo wanaambiwa hivyo, mwanaume ni eedak. Sasa sijui kama kweli yule mzee alimtuma au mtoto alijiongeza mwenyewe kwa huruma yake, na sitaki kujua. Nikamjibu "Allah yisallimak" nikamfuta halua usoni. Miaka yote niliyokaa kule ndo mara pekee lile neno lilivuka pazia likanifikia mimi, na sikia, mtu alishawahi kunipa saa ya dhahabu na siikumbuki hivyo.

Kwa hiyo Ijumaa, ukishamaliza dua za mwenye nyumba, unaongeza ile ya mzee, "tislam eed illi tabakhat". Hii haina hatari, hujataja mke, hujataja jina, inamfaa mke, inamfaa mama yake, inamfaa na mtumishi. Bosi atakujibu Allah yisallimak na atafurahi. Usiache.

Kama uipaze sauti ifike ndani ama useme ya kawaida tu, hapo sikusemei. Yule mzee alikuwa mtu mzima na ndevu zake nyeupe, anaruhusiwa, wewe ni kijana mgeni wa kazini. Ukipaza unaweza kuonekana umezidi. Ukisema chini inaishia kwenye zulia. Najua ningefanya nini mimi lakini nimeshajizuia kukwambia toka aya ya kwanza, basi utaangalia mwenyewe ulivyokaa.

Baada ya kunawa italetwa halua na kahawa, kunywa finjani moja mbili, ukitosheka tikisa finjani kidogo unaporudisha, usipotikisa anayemimina anakuongeza tu mpaka usiku. Halafu itapita bukhuri na pengine marashi ya mawaridi. Fukiza nguo zako, kisha aga, Waarabu wa Ghuba wanasema wenyewe baada ya udi hakuna kukaa. Mlangoni unarudia tena kathar Allah kherkum, chakula kinalipwa kwa dua, mara mbili haizidi.

Usiende mikono mitupu, ila usipeleke chakula cha kupika, peleka tende nzuri au kashata kama dada yako atazituma na yule mtu anayesafiri Jumatano. Fundi wa bati hajaja bado, hela usitume mpaka nikwambie.

Mama yako